Nalipia 20 Mbps, kipimo kinasoma 7. Hizi namba zinasomwaje? (Kigoma, Mwanga)

Mwanga_Sokoni

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Nimefungiwa faiba ya nyumbani. Karatasi ya mkataba imeandikwa "hadi 20 Mbps", na chini yake "upload hadi 10 Mbps". Nimepima kwa simu nikiwa chumbani, nikitumia programu ya Speedtest, na imeleta hivi:

```
Download   7.2 Mbps
Upload     6.1 Mbps
Ping       31 ms
Server     Dar es Salaam
```

Halafu nikipakua faili kubwa nikiwa chumba hichohicho, simu inasoma 870 KB/s. Yaani hata 1 haifiki! Nikiwapigia watoa huduma wananijibu kwamba huko kwao laini inaonekana safi. Naomba mnieleweshe: naibiwa, au nasoma vibaya? Na hiyo ping 31 ni nzuri au mbaya? Kwenye mkataba haikutajwa kabisa.

dagaa_mbichi

Unaibiwa mkuu. Umelipia 20 unapewa 0.87, hapo kuna hesabu gani tena? Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uweke DNS ya 8.8.8.8, mimi nikiweka hiyo kurasa zinafunguka fasta. Spidi itapanda.

FundiWaya

Mkuu Mwanga_Sokoni, kabla hujagombana na mtu, tuanze na 870 KB/s maana ndiyo inayokuchanganya.

Angalia herufi b. Kwenye Mbps ni b ndogo, nayo ni biti. Kwenye KB/s ni B kubwa, nayo ni baiti. Baiti moja ina biti 8. Kampuni za mtandao hutaja kasi kwa megabiti, na programu nyingi za kupakua huonyesha kilobaiti au megabaiti. Kwa hiyo chukua 870 zidisha kwa 8, unapata 6,960, yaani karibu megabiti 7 kwa sekunde. Kipimo chako kimesema 7.2. Kwa hiyo faili lako na kipimo chako vinakuambia jambo lilelile, ila kila kimoja kinahesabu kwa kizio chake.

Sasa geuza upande wa mkataba. Megabiti 20 ukigawa kwa 8 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Sehemu ndogo, kama asilimia 5 hivi, huliwa na anwani na vichwa vya pakiti hizo, ambavyo husafiri pamoja na data yako lakini havihesabiwi kwenye faili. Kwa hiyo laini ya 20 ikiwa na afya kamili, Speedtest itasoma kati ya 18.5 na 19.3, na faili litashuka kwa 2.3 MB/s hivi. Hicho ndicho kiwango chako cha kulinganisha. Ukiona 19 usiseme wamekukata moja.

Kuna baadhi ya watoa huduma huweka ukomo juu kidogo ya walichouza ili mteja aone 20 kamili au 21. Ni hiari yao.

Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: 12 nyingine zimepotelea wapi? Na hilo kipimo cha simu chumbani hakiwezi kulijibu, kwa sababu kimepima vipande viwili kwa pamoja: waifai kutoka simu hadi ruta, na laini kutoka ruta kwenda nje. Mkataba wako unahusu kipande cha pili peke yake.

Dagaa, DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya tovuti. Ikiwa nzito, ukurasa huchelewa kuanza kufunguka, na ukiibadilisha unaona unafuu kweli. Lakini faili likishaanza kushuka DNS haina kazi tena. Haitoi 7 kuifanya 20.

dagaa_mbichi

Sawa, hilo la kuanza kufunguka ndilo nililoliona. Nimekupata.

Isevya_Mjini

Samahani naingilia, mimi nipo Tabora. Natumia ruta ya laini ya simu. Speedtest inaniletea 30 Mbps, nzuri tu, lakini bando la GB 50 linaisha kabla ya mwezi. Ina maana hiyo 30 ni ya uongo?

Mnara_Tbr

Dada Isevya, hizo ni habari mbili. 30 Mbps ni kasi ya maji bombani, GB 50 ni ukubwa wa tangi. Kasi kubwa haikupi tangi kubwa, na mara nyingi huliwahisha kuisha, kwa sababu video zikiona njia ni pana hujipandisha zenyewe kwenye ubora wa juu. Punguza ubora wa video utaona tofauti.

Na wewe unayetumia bando la ujazo, usipime ovyo. Kipimo hujaza laini yako kwa sekunde 10 hadi 15 kila upande. Kwa 30 Mbps, sekunde 10 za kupakua peke yake ni megabiti 300, sawa na MB 37. Ongeza upande wa kupakia na majaribio ya mwanzo, mara moja inakula karibu MB 50. Ukipima mara 20 umemaliza GB 1.

Kingine kwenu wa laini za simu: vifurushi vingi havikuahidi Mbps zozote, vimeahidi ujazo. Basi huna namba ya mkataba ya kulinganisha nayo. Linganisha laini na yenyewe, yaani leo na wiki iliyopita, saa ileile na mahali palepale.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi. FundiWaya yuko sahihi, tenganisha vipande viwili. Ukiwa na kompyuta na waya wa LAN ni kazi ya dakika chache.

FundiWaya

Ndiyo. Mkuu, fanya hivi leo usiku na kesho.

Chomeka waya wa LAN kutoka tundu la nyuma ya ruta moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Zima waifai ya kompyuta, vinginevyo inaweza kuendelea kupita hewani huku wewe ukidhani inapita kwenye waya. Kisha zima na waifai ya ruta yenyewe. Ruta nyingi zina kitufe pembeni. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuhakikisha televisheni, simu za watoto na kamera havipakui chochote unapopima. Kipimo huonyesha kilichobaki, siyo kilichoingia nyumbani. Simu moja ikiwa inasasisha programu na kuvuta 9, kipimo chako kitasoma 10 hata kama laini inatoa 19.

Zima VPN kama unayo. Ukiiacha, data yako inazunguka kwanza hadi nchi ilipo seva ya VPN, na hapo unapima njia ya VPN.

Halafu fungua Speedtest. Usikubali seva inayojichagulia kila mara, kwa sababu yenyewe hutafuta yenye ping ndogo kwa wakati huo, na kesho inaweza kuchagua nyingine. Bonyeza "Change Server", chagua moja ya Dar es Salaam, andika jina lake, na uitumie hiyohiyo kila mara. Pima saa 12:30 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, mara tatu kila wakati, uchukue namba ya katikati, siyo kubwa kuliko zote.

Mwanga_Sokoni

Seva zipo nyingi za Dar. Kuna ya kampuni yangu hii hii inayonipa mtandao, na za kampuni nyingine. Nichukue ipi?

Mnara_Tbr

Chukua zote mbili, ila usizichanganye kwenye daftari. Seva ya kampuni yako ipo ndani ya mtandao wao. Inapima kuanzia nyumbani kwako hadi kwao Dar, basi. Hiyo ndiyo ya kuwaonyesha wao, kwa sababu hawawezi kukuambia tatizo lipo kwa mwingine. Seva ya kampuni nyingine inapima pia mahali mitandao miwili inapokutana. Ya kwanza ikisoma 19 na ya pili 8, laini yako ya mtaani ni nzima, kinachobana ni makutano yao na wengine.

Na ukiona kwenye orodha seva iliyopo Kigoma kwenyewe, ping yake inaweza kuwa chini ya 10 na download ikajaa kabisa. Inafurahisha macho, lakini umepima hadi mjini tu. Vitu unavyovifungua kila siku havipo Kigoma, na njia ndefu ya kwenda Dar hujaigusa.

Katubuka_Juu

Mimi huwa naamini fast.com tu. Hii Speedtest kampuni zinaweza kuipa upendeleo, wakitambua unapima wanakufungulia njia. Fast.com ni ya Netflix, hawawezi kuigusa bila kugusa na video.

FundiWaya

Hoja yako ina ukweli ndani yake, ndugu Katubuka. Fast.com hupima dhidi ya seva zilezile zinazotoa video za Netflix, kwa hiyo mtoa huduma akiibana video, utaona. Lakini kwa sababu hiyohiyo inakuambia hali ya njia ya kwenda Netflix. Seva zao zikiwa karibu na mtoa huduma wako, namba itapanda. Zikiwa mbali, itashuka, na mkataba haukuahidi njia hiyo. Itumie kama shahidi wa pili. Speedtest ikisoma 19 na fast.com 18, huna ugomvi. Zikitofautiana sana na kurudia hivyo siku nyingi, hapo kuna jambo la kuuliza.

Ukiitumia, bonyeza "Show more info" ili uone na upload pamoja na latency, yaani ping. Bila hapo inakupa download peke yake.

Mwanga_Sokoni

Nimefanya kama mlivyosema. Nimekaa kwenye waya, waifai ya ruta imezimwa, VPN sina. Seva ni ya kampuni yangu, Dar, ileile kila mara. Namba za katikati ni hizi:

```
Muda             Download   Upload   Ping
12:30 asubuhi    18.9       9.4      27
8 mchana         18.7       9.5      27
3 usiku          10.8       9.4      29
```

Chumbani kwa waifai asubuhi hiyohiyo: 7.9. Sebuleni, karibu na ruta: 16 hadi 18.

FundiWaya

Safi sana. Sasa una kitu cha kusoma, na una matatizo mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni la nyumbani kwako. Asubuhi waya unatoa 18.9, chumbani waifai inatoa 7.9. Hizo 11 zimepotelea ukutani, mtoa huduma hahusiki. Ndiyo maana wao waliona laini safi, na kwa asubuhi ile walisema kweli.

La pili ni la kwao. Saa 3 usiku, kwenye waya, hakuna kifaa kingine, download imeshuka hadi 10.8 huku upload ikibaki 9.4. Tazama hiyo upload kwa makini. Ingekuwa waya wa faiba umepinda au kiunganishi ni kichafu, nisingetegemea asubuhi iwe nzima kila siku na usiku uugue. Kinachofuata saa kama hivi ni foleni ya watu. Usiku mtaa mzima unatazama video, na video ni mzigo wa kushuka. Upande wa kupanda hauna watu, ndiyo maana haujaguswa.

Hiyo 9.4 kwenye 10 ni kamili, usiiguse.

Gungu_Darasani

Naomba kuuliza kuhusu ping. Hapa kaka ana 27. Jamaa yangu yupo Kinondoni, anapata 4 kwenye seva hiyohiyo. Kwa hiyo laini ya Kigoma ni mbovu mara saba?

FundiWaya

Hapana mwalimu, kama ni mwalimu. Ping siyo kasi ya kupakua. Ni muda wa pakiti ndogo kwenda hadi seva na jibu lake kurudi, kwa milisekunde. Humo ndani kuna umbali, na umbali haufutwi kwa kulipia kifurushi kikubwa.

Piga hesabu. Kwa reli ya kati, Dar hadi Kigoma ni karibu kilomita 1,250. Chukulia faiba inafuata njia ya urefu huohuo. Mwanga ndani ya kioo cha faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kwenda na kurudi ni kilomita 2,500, sawa na milisekunde 12.5. Hiyo ni kabla ya kifaa chochote njiani kugusa pakiti, na kabla ya faiba kuzunguka mahali ambapo reli imenyooka. Mtu wa Kigoma hawezi kupata 4 kwenye seva iliyopo Dar, hata alipie Mbps 500. Kwa hiyo 27 ni ping nzuri kabisa kwa mahali ulipo.

Gungu_Darasani

Nimeelewa, asante. Basi mbona mchezo wa mtandaoni unaniandikia 160 wakati Speedtest inasema 30?

Mnara_Tbr

Kwa sababu seva ya mchezo haipo Dar. Ikiwa Ulaya, pakiti inashuka Dar, inaingia kwenye nyaya za baharini, inapanda kaskazini hadi huko, na kurudi. 160 ni ya kawaida kwa njia hiyo. Speedtest imekuambia kuhusu Dar kwa sababu wewe, au yenyewe, mlichagua Dar. Ukitaka kujua ya Ulaya chagua seva ya huko kwenye orodha.

Nataka kuongeza jambo ambalo wengi wanalipita kwenye skrini. Mwanga_Sokoni, chini ya neno Ping kwenye Speedtest kuna namba tatu ndogo, siyo moja. Ya kwanza ni ping laini ikiwa imetulia. Ya pili ni ping wakati download inaendelea. Ya tatu ni wakati upload inaendelea. Zisome zote tatu saa 3 usiku utuletee. Hiyo 29 uliyoandika ni ya utulivu, na hakuna anayetumia mtandao ukiwa umetulia.

Mwanga_Sokoni

Usiku saa 3, kwenye waya: 29, halafu 212, halafu 61. Asubuhi zilikuwa 27, 48, 58. Hiyo 212 ndiyo inayofanya simu za video za WhatsApp zikatike?

Mnara_Tbr

Ndiyo hasa. Soma hivi: asubuhi unapopakua, pakiti inachelewa milisekunde 21 zaidi ya utulivu. Usiku inachelewa 183 zaidi. Muda huo inausubiri kwenye foleni ya kifaa fulani njiani ambacho kimejaa. Simu ya video inahitaji kama 1 hadi 2 Mbps tu, na wewe unayo 10.8, kwa hiyo ukitazama download peke yake utashangaa kwa nini inakatika. Inakatika kwa sababu sauti inafika imechelewa, na kila kipande kinachelewa kwa kiasi tofauti. Hiyo tofauti ndiyo jitter.

Angalizo moja: foleni hiyo inaweza pia kuwa ndani ya ruta yako mwenyewe. Kwako naitupa nje hoja hiyo kwa sababu ruta ni ileile na mzigo ni uleule, asubuhi 48, usiku 212. Ingekuwa ruta, asubuhi nako ingepanda.

Katubuka_Juu

Hapo kwenye chumba, mngemwambia anunue ruta kubwa zaidi tu.

FundiWaya

Kabla hajatoa hela, apime. Akiwa chumbani na kompyuta kwenye waifai, afungue dirisha la amri la Windows aandike:

```
ipconfig
ping 192.168.100.1 -n 50
netsh wlan show interfaces
```

Amri ya kwanza inatoa "Default Gateway", ndiyo anwani ya ruta. Hiyo 192.168.100.1 ni mfano, aweke aliyoiona. Ya pili inapiga ping hadi kwenye ruta peke yake, haitoki nje ya nyumba. Kwenye waya itasoma 1 au chini yake. Karibu na ruta kwa waifai, 2 hadi 5. Chumbani ikisoma wastani 40 na "Maximum" ya 300, au kuna "Lost", hewa ya hapo ni mbovu na hakuna simu kwa mtoa huduma itakayosaidia. Ya tatu inaonyesha "Signal" kwa asilimia, "Channel", na "Receive rate". Kasi halisi ya waifai kwa kawaida hufika nusu tu ya hiyo "Receive rate", pengine chini ya nusu. Ikisoma 14, usitegemee zaidi ya 7 au 8.

Mwanga_Sokoni

Nimeandika. Ping ya ruta: wastani 38, Maximum 291. Signal 34%. Channel 6. Receive rate 14.4. Ruta ipo sebuleni nyuma ya televisheni, na kati yake na chumba kuna kuta mbili za tofali za kuchoma.

FundiWaya

Basi jibu la chumba umelipata kwa namba zako mwenyewe. 14.4, nusu yake ni 7.2. Itoe ruta nyuma ya televisheni, ipandishe juu usawa wa kichwa, isogeze kwenye korido ili ibaki ukuta mmoja. Halafu rudia amri ya tatu tu, huhitaji Speedtest. Signal ikipanda hadi 60% na Receive rate ikavuka 50, laini yako ya 20 itapita bila kubanwa. Jaribu hilo kabla ya kununua kitu. Kuhamia GHz 5 kwa chumba hicho sikushauri, inapenya ukuta kwa shida kuliko GHz 2.4.

mama_Mwandiga

Wanangu, hamjambo. Na mimi nisaidieni. Nina duka la uwakala huku Mwandiga, nimelipia 20 kupanda na kushuka tangu mwezi uliopita, mwanzo nilikuwa na 10. Kijana wangu kapima kwenye kompyuta ya dukani kwa waya. Asubuhi 9.4, mchana 9.4, usiku 9.4. Upload nayo 9.4. Nayo hii itakuwa foleni ya watu?

FundiWaya

Shikamoo mama. Hapana, hii yako ni tofauti na ya Mwanga. Foleni ya watu hupanda na kushuka. Namba ikisimama palepale saa zote, huo ni ukomo uliowekwa mahali. Na 9.4 ni kile kinachobaki kwenye 10 kamili ukitoa vichwa vya pakiti.

Kuna sababu mbili za kawaida na zote zinatoa 9.4. Ya kwanza, mtoa huduma alipokea malipo ya 20 lakini kwenye mfumo laini yako bado ipo kwenye 10 ya zamani. Ya pili, waya wa LAN una nyuzi zilizokatika au kichwa kimebanwa vibaya, ruta na kompyuta zikakubaliana kuongea kwa 10 Mbps badala ya 100 au 1000. Hilo halina uhusiano na mtoa huduma.

Kijana afungue PowerShell aandike:

```
Get-NetAdapter
```

Atazame safu ya "LinkSpeed" kwenye mstari wa Ethernet. Ikisoma 10 Mbps, badilisha waya. Ikisoma 100 Mbps au 1 Gbps, waya hauna kosa, piga simu waangalie kifurushi chako kwenye mfumo.

mama_Mwandiga

Marahaba mwanangu. Kijana yupo mjini, atarudi jioni.

dagaa_mbichi

Hii ya waya kushuka hadi 10 sikuwahi kuifikiria. Sasa kwa Mwanga, hiyo ya usiku wamemvunjia mkataba au la? Umeandikwa "hadi".

Mnara_Tbr

Kwangu mimi hawajavunja. "Hadi 20" ni kilele. Laini za nyumbani hugawanywa, watu kadhaa kwenye njia moja, na bei yake imepangwa hivyo. Anayetaka 20 isiyoshuka hununua laini ya kujitegemea kwa bei nyingine kabisa.

FundiWaya

Hapo tunatofautiana, ndugu yangu. Kugawana nakubali. Lakini kushuka karibu nusu kila usiku, saa ambazo mtu wa nyumbani ndipo anatumia, hiyo ni njia iliyouzwa kwa watu wengi kuliko inavyobeba. "Hadi" haiwezi kuwa ruhusa ya kutoa chochote. Usiku mmoja nisingesema kitu. Ikijirudia wiki nzima, ana haki ya kudai.

Mnara_Tbr

Kudai adai, hilo sipingi. Nasema tu asitegemee kurudishiwa fedha kwa neno "hadi" lililopo kwenye karatasi.

Mwanga_Sokoni

Sasa niwaandikie nini? Nikisema "mtandao ni slo" wananiambia nizime ruta niwashe.

FundiWaya

Usiandike neno polepole popote. Waandikie kitu ambacho fundi wa zamu anaweza kukifungua na kukikagua:

"Kifurushi: hadi 20 Mbps, upload hadi 10. Nimepima kwa waya wa LAN, waifai ya ruta imezimwa, hakuna kifaa kingine, seva yenu ya Dar es Salaam. Asubuhi saa 12:30 download ni 18.9, ping wakati wa download ni 48. Saa 3 usiku download ni 10.8, ping wakati wa download ni 212. Upload haibadiliki, 9.4. Hali imejirudia kwa siku zifuatazo. Naomba mkague mzigo wa njia ninayotumia kati ya saa 1 na saa 5 usiku."

Weka tarehe, na kila tokeo ambatisha kiungo chake. Speedtest hutoa "Result ID" kwa kila kipimo, nayo ina saa na seva ndani yake. Wape pia namba ya akaunti, na omba namba ya malalamiko. Bila hiyo namba, ukienda hatua inayofuata huna cha kuonyesha. Utaratibu ni kwamba unaanza kwa mtoa huduma, na asipokuridhisha unapeleka TCRA ukiwa na kumbukumbu hizo.

Wakikujibu kwamba wametatua, usipime asubuhi. Asubuhi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Pima saa 3 usiku, waya uleule, seva ileile.

Isevya_Mjini

Na mimi wa laini ya simu, nikiona namba imesimama palepale saa zote kama ya mama, ni waya pia?

Mnara_Tbr

Wewe huna waya, dada. Kwako ikisimama, mfano 2 kamili saa zote na jana ilikuwa 30, angalia kama umefika ukomo wa matumizi ambao baada yake kasi hupunguzwa. Piga menyu ya salio uone. Ikiwa inapanda na kushuka, 30 asubuhi na 6 usiku, ni mnara umejaa, na hapo jaribu kuhamisha ruta dirishani upande ulipo mnara.

mama_Mwandiga

Kijana amerudi. LinkSpeed inasoma 100 Mbps.

FundiWaya

Basi mama, waya wa kompyuta ni mzima. Ila niulize kabla hujapiga simu: ule waya umetoka kwenye kisanduku cha faiba chenyewe, au kuna ruta nyingine katikati? Kama kuna ruta ya pili, waya unaounganisha hivyo viwili nao unaweza kuwa umeshuka hadi 10, na LinkSpeed ya kompyuta haitauona.

mama_Mwandiga

Vipo viwili. Kimoja cheupe ukutani walichofunga wao, na kingine cheusi tulichonunua sokoni.

FundiWaya

Hamisha waya wa kompyuta uchomeke kwenye kile cheupe, upime tena. Ikisoma 19, badilisha waya kati ya cheupe na cheusi. Ikibaki 9.4, wapigie, waambie wakusomee ukomo wa kasi uliowekwa kwenye laini yako. Ikiwa cheupe kitakataa kukupa mtandao kabisa, usikiguse mipangilio. Hapo ina maana cheusi ndicho kinachoingiza jina na nywila za huduma. Turudie hapa, tutatafuta njia nyingine ya kupima.